Rombasi kwa Mishazari Miwili

Rombasi ina pande nne zilizo sawa. Tuseme kigae chenye umbo hilo kina mishazari ya sentimita 24 na 10, nasi hatujui urefu wa upande wake.

Mishazari hiyo hukatana katikati kwa pembe mraba, ikigawa kigae katika pembetatu nne zinazolingana, kila moja ikiwa na pande fupi za sentimita 12 na 5. Kwa kanuni ya Pithagorasi, 144 + 25 = 169, hivyo upande ni sentimita 13, na mzingo 52.

Eneo ni nusu ya 24 × 10, yaani sentimita za mraba 120. Wengi husahau kugawa mishazari kwanza, wakapata upande wa 26. Ukiona upande umezidi mshazari mrefu, rudia hesabu.