Takriri ya Lumumba ilivyovunjika njiani kuelekea Kiingereza

Ratiba ya sherehe ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, ilikuwa na wasemaji wawili tu. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alitangulia, akamsifu Leopold II na kazi yake ya kuianzisha Kongo. Rais Joseph Kasa-Vubu akajibu kwa lugha ya staha. Kisha Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye jina lake halikuwamo kwenye ratiba, akasimama mbele ya kipaza sauti katika Jumba la Taifa mjini Leopoldville na kusoma, kwa Kifaransa, hotuba ambayo mfalme hakuitarajia.

Hotuba hiyo imefasiriwa kwa Kiingereza mara nyingi, na hadi leo haijaacha kuwatatiza wanaoifasiri. Msamiati wake si mgumu. Ugumu uko katika jinsi ilivyojengwa. Baada ya kusema kwamba majeraha ya miaka 80 ya ukoloni bado ni mabichi mno kusahaulika, Lumumba anaanza kuyataja moja baada ya jingine, na kila anapoanza anatumia maneno matatu yaleyale: “Nous avons connu”. Tumeijua kazi ya kutuchosha kwa ujira usiotosha hata kushiba. Tumeyajua masimango, matusi na mapigo, asubuhi, mchana na jioni. Inafuata ardhi iliyoporwa kwa jina la sheria, kisha sheria yenyewe, laini kwa mweupe na katili kwa mweusi. Halafu watu waliohamishwa kwa nguvu kwa sababu ya siasa au dini yao. Mwisho majumba ya fahari ya Wazungu mijini na vibanda vinavyobomoka vya Waafrika. Katika matini inayosomwa zaidi, kifungu hicho kinarudi mara sita.

Anayejua jinsi Kifaransa kinavyofundishwa shuleni atashtuka kidogo. Mwalimu wa Kifaransa hukata kwa kalamu nyekundu neno lililorudiwa ndani ya aya moja na kumtaka mwanafunzi atafute kisawe. Kwa hiyo msemaji anayerudia maneno yaleyale mara sita mbele ya mfalme hajaishiwa msamiati. Anasoma mashtaka. Takriri ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba ujira mdogo, tusi la barabarani na hati ya ardhi ni kesi moja.

Sasa itazamwe tafsiri ya Kiingereza iliyosambaa kuliko nyingine, ile inayokutwa katika mikusanyo mingi ya hotuba. Inaanza vizuri: “We have known”, na tena “We have known”. Ikifika kwenye ardhi inageuka kuwa “We have seen”. Kwenye sheria, “We have seen”. Kwa wale waliohamishwa ni “We have witnessed”, na kwa majumba inarudi “We have seen”. Vitenzi vitatu vimeshika nafasi ya kimoja. Msomaji wa Kiingereza hakosi habari hata moja, ila haoni tena kwamba ni orodha. Zaidi ya hapo, aliyejua maumivu kwa mwili wake amegeuzwa kuwa mtu aliyekuwa kando akitazama.

Mfasiri huyo hakuteleza kwa uvivu. Kifaransa chenyewe kinamtega. Katika vifungu viwili vya kwanza “connu” inafuatwa na nomino: kazi, matusi. Baadaye, mara mbili, inafuatwa na sentensi nzima: tumejua kwamba sheria haikuwa sawa, tumejua kwamba mijini kulikuwa na majumba. Ukiandika kwa Kiingereza “We have known that the law was never the same”, sentensi inalegea na kusikika kama mtu anayetoa taarifa aliyoipata jana. Sikio la mfasiri likakataa, akabadilisha kitenzi. Hapo ndipo alipopaswa kubadilisha kitu kingine.

Dawa ni kukiacha kitenzi mahali pake na kuigeuza ile sentensi inayofuata iwe nomino. “We have known a law that was never the same for a white man as for a black man.” Tumeijua sheria isiyokuwa sawa. Kwa mijini: “We have known cities where...”, tumeijua miji ambamo weupe walikuwa na majumba ya fahari. Maana ni ileile, Kiingereza kinakwenda vizuri, na mapigo sita yanabaki sita. Ndiyo maana wafasiri wenye uzoefu hawaanzi juu na kushuka sentensi kwa sentensi. Kwanza huipitia hotuba yote, hupigia mstari kila mahali kifungu kinaporudi, kisha hukijaribu kitenzi walichochagua katika kila nafasi kabla ya kukikubali. “We have suffered” inaikubali kazi na matusi lakini inakwama kwenye majumba. “We knew” ni fupi, ila inaweza kueleweka kuwa tulikuwa na habari tu. “We have known” inapita kote, mradi kinachofuata kipangwe upya.

Kosa jingine katika tafsiri hiyohiyo ni dogo kwa macho. Lumumba alisema “travail harassant”, yaani kazi ya kumaliza nguvu. Mfasiri akaandika “harassing work”. Maneno haya mawili yanafanana sura, lakini la Kiingereza linahusu kusumbuliwa na kuandamwa. Mtu aliyebeba mizigo mpaka akaanguka amegeuka kuwa mtu aliyebughudhiwa kazini. Dalili ya kosa la aina hii ni rahisi kuiona: neno la Kiingereza linakaa kwa shida pembeni ya jirani yake, kwa kuwa si kawaida ya Waingereza kuiita kazi hivyo. “Exhausting labour” ingetosha, na ingehifadhi staha ya hotuba kuliko misemo ya mitaani inayomaanisha kuvunjika mgongo.

Staha hiyo si pambo. Lumumba alishtaki kwa Kifaransa cha bungeni, sentensi ndefu zenye sarufi kamili, bila tusi hata moja kutoka kinywani mwake. Mfasiri akikata maneno kama wanavyofanya Waingereza wanapozungumza, akaandika “we've known”, waziri mkuu anashuka kutoka jukwaani na kuwa mtu wa kijiweni. Ndivyo ilivyo pia kwa sehemu ya pili ya hotuba, ambapo takriri inabadilika kuwa “Nous allons”: tutauonyesha ulimwengu mtu mweusi anaweza kufanya nini akifanya kazi kwa uhuru, tutaifanya Kongo kitovu cha kung'aa kwa Afrika nzima. Kwa neno moja moja, Kiingereza chake ni “we are going to”, lakini hicho ni Kiingereza cha mtu anayepanga safari. Kwa ahadi ya serikali siku ya uhuru, na kwa Kiingereza cha 1960, “We shall” ndiyo yenye uzito unaostahili. Na kama upande wa kwanza umevunjwavunjwa, upande huu wa pili hauna cha kujibu: “tumejua” sita zilipaswa kukutana na “tutafanya” zinazofuatana.

Kuna mahali pamoja ambapo hotuba inamshinda mfasiri kabisa. Lumumba anauliza nani atasahau kwamba mtu mweusi aliitwa “tu”, si kwa kuwa ni rafiki, bali kwa sababu “vous” yenye heshima iliwekwa kwa ajili ya Wazungu pekee. Kiingereza kina “you” moja kwa mtoto, kwa jaji na kwa mfalme. Msomaji aliyekulia kwenye shikamoo anaelewa mara moja uzito wa kunyimwa salamu ya heshima mbele za watu. Mwingereza anahitaji kusaidiwa, na swali ni wapi msaada huo uwekwe.

Hapa mwandishi wa habari ana sheria kali kuliko mfasiri wa kitabu. Mfasiri wa kitabu anaweza kuweka maelezo chini ya ukurasa. Gazeti halina sehemu hiyo, na ndani ya alama za nukuu hairuhusiwi kuingia neno ambalo msemaji hakulisema. Basi maelezo yanatangulia nje ya nukuu: Lumumba alikumbusha kwamba Wakongo waliitwa kwa “tu”, namna wanavyoitwa watoto na watu wa chini, kisha nukuu inafunguliwa kwa maneno yake mwenyewe, “not, certainly, as to a friend”. Maneno ya Kifaransa yanabaki, ufafanuzi unabaki wa mwandishi, na hakuna aliyewekewa maneno kinywani.

Kuwekewa maneno si hofu ya bure katika hotuba hii. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwa Kiingereza kwamba Lumumba alimwambia mfalme, “Sisi si nyani wenu tena.” Sentensi hiyo haimo katika hotuba iliyochapishwa. Ilipendwa kwa sababu ni fupi na inaingia vizuri kwenye kichwa cha habari, jambo ambalo takriri ya mara sita haiwezi.

Na hapo ndipo penye taabu ya ripoti ya habari: nafasi. Mhariri anatoa aya tatu, hotuba ina kurasa. Wengi huchukua mstari mmoja mkali na kueleza mengine kwa sifa. Gazeti la Guardian la Uingereza, siku iliyofuata, liliiita hotuba hiyo yenye kuudhi kwenye kichwa cha habari. Nukuu ikiwa ya mstari mmoja, msomaji hana namna ya kuipima sifa kama hiyo.

Njia bora ni kunukuu vifungu vitatu mfululizo, kwani viwili vinaweza kuonekana ni bahati tu, na cha tatu ndicho kinachomfanya msomaji asikie mdundo. Vichaguliwe vilivyo vifupi, kila kimoja na jambo tofauti: kazi, matusi, sheria. Penye kukatwa pawekwe nukta tatu, na mkato uwe katikati ya kifungu, kamwe usiimeze “We have known” yenyewe. Kisha mwandishi aseme kwa maneno yake kwamba msemaji alikirudia kifungu hicho mara sita, na kwamba alizungumza kwa Kifaransa. Ripoti ya namna hiyo ingetoka hivi:

“We have known exhausting labour ... We have known mockery, insults and blows, morning, noon and night ... We have known a law that was never the same for a white man as for a black man,” alisema Lumumba kwa Kifaransa, akikirudia kifungu hicho mara sita mbele ya mfalme.

Yamepotea mengi hapo. Ardhi haimo, majumba hayamo, wala haimo sababu ya yale mapigo, ambayo Lumumba aliitaja kwa neno “nègres”, neno la mkoloni, kabla ya kutumia “Noir” lake mwenyewe katika sentensi inayofuata. Mfasiri akiyageuza yote mawili kuwa “black”, tofauti hiyo inafutika. Akiandika “Negroes”, Mwingereza wa 1960 analiona neno la kawaida na wa leo analiona tusi. Waandishi wengi hukwepa kwa kuikata sentensi kabla haijafika hapo, na katika ripoti ya aya tatu ni vigumu kuwalaumu.