Volti Tano Zinazodanganya

Saa ya ukutani ya kielektroniki ilikuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe. Kabla ya kugusa chochote niliichomoa kwenye umeme, nikaipima fyuzi kwa multimita: nzima. Nikaichomeka tena, nikaepuka upande wa umeme wa nyumbani, nikaanza kufuata njia ya umeme kutoka transfoma kwenda mbele.

Baada ya daiodi multimita ilionyesha volti 8 za DC. Baada ya regulata ya 7805, ambayo hutoa volti 5, ilionyesha 4.8. Wengi wangehama hapo na kuilaumu chipu. Lakini multimita kwenye DC hukupa wastani tu. Kinachopanda na kushuka haraka hakionekani.

Nikaunga klipu ya osiloskopu kwenye graundi ya saketi, ncha kwenye mguu wa kuingilia wa regulata, kila mraba milisekunde 5. Mstari haukuwa bapa. Ulipanda hadi volti 10.5 na kuporomoka hadi 5.5, kila milisekunde 10, yaani mara 100 kwa sekunde: mara mbili ya 50 za umeme wetu. Regulata hii huhitaji takriban volti 7 kuingia, hivyo kila bonde liliivuta chini na chipu ikaanza upya.

Kapasita ya kuchuja, ya mikrofaradi 1000, ilikuwa imekauka. Nililehemu mpya, nikazingatia upande hasi, kisha nikapima palepale. Bonde halikushuka tena chini ya volti 8.