Maji ya Chumvi na Sukari kwa Hatua

Jirani yako hapa Nyakato akikusimulia, "Mtoto akiharisha chemsha maji, tia sukari na chumvi kidogo, umnyweshe," hilo neno "kidogo" ni hatari: chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Pigia mstari kila kitu kilichotajwa, kipe kipimo, kisha panga vitendo kwa namba.

Mahitaji
Maji, lita 1
Sukari, vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa
Chumvi, nusu kijiko cha chai

Hatua
1. Chemsha maji, yapoe, ndipo upime lita.
2. Tia sukari na chumvi, koroga ziyeyuke.
3. Onja. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga.
4. Mnyweshe kidogo kidogo kila anapoharisha.
5. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga.

Akilegea, mpeleke zahanati mara moja.