Saluni Ikifunga Saa 2 Usiku

Tuseme kuna saluni ya kike Sinza, Dar es Salaam, inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Mwenye nayo anataka sasa ifunguliwe saa 3 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, wasusi wakiingia kwa zamu. Barua yake isianze na habari za "kuboresha huduma". Wasusi wanajua fika nani hukaa mlangoni usiku akisubiri mteja asiyekuja. Aanze na sababu yenyewe:

"Dada zangu, anayefunga saa 4 usiku kisha akafungua saa 2 asubuhi anabakiwa na masaa 10 tu, na humo humo kuna foleni ya daladala. Sheria inataka apumzike masaa 12. Kuanzia mwezi ujao, hata atakayefunga leo na kufungua kesho atapata masaa 13."

Sheria hiyo ni ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kazi ya kawaida haizidi masaa 45 kwa wiki, na kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi huhesabiwa kuwa usiku, hivyo kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara. Ndiyo maana saa 2 ni mahali pazuri pa kufungia.

Zamu ya kwanza iwe saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, ya pili saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Kila mmoja akitoa saa moja ya mapumziko na kufanya kazi siku sita, anafikisha masaa 42. Mchana, wateja wanapojaa, zamu zote mbili zipo.

Kwenye karatasi mambo yanakaa sawa. Kinachoharibu ni rasta. Kichwa cha rasta ndogo kinaweza kumla msusi mmoja masaa sita. Mteja akikalishwa saa 10 jioni, saa 2 itafika kichwa hakijaisha, na hakuna atakayemwambia arudi kesho. Kwa hiyo barua itaje pia saa ya mwisho ya kupokea rasta: saa 7 mchana kwa msusi mmoja, saa 10 jioni wakisuka wawili. Anayekuja kuosha na draya apokelewe hadi saa 1 usiku.

Hapo ndipo swali la kamisheni linapozuka, na nadhani barua nyingi hulikwepa. Wa zamu ya kwanza akimwachia mwenzake kichwa saa 11, hela ni ya nani? Barua iseme wazi: igawanywe kwa masaa ambayo kila mmoja amesuka, yaandikwe kwenye daftari wakati wa kupokezana, si wakati wa malipo.

Mwenye saluni azungumze nao kabla ya kuandika, kwa kuwa sheria inamtaka ashauriane na mfanyakazi anapobadili masharti yaliyoandikwa ya kazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kila mmoja apewe nakala yake. Kubandika moja ukutani karibu na kioo hakutoshi.