Urefu wa Sentensi na Usomekaji wa Matini Rasmi ya Kiswahili

Mwaka 1948 Rudolf Flesch alichapisha kanuni ya kupima usomekaji wa matini ya Kiingereza. Kanuni hiyo huzingatia mambo mawili tu: wastani wa maneno katika sentensi na wastani wa silabi katika neno. Matini nyepesi hukaribia alama 100, na iliyo ngumu hukaribia 0.

Chukuliwe tangazo la mfano kuhusu ugawaji wa ardhi, litakalobandikwa ofisini Kenyamonta, wilayani Serengeti, ambako msomaji aghalabu alianza na Kingoreme au Kikuria kabla ya Kiswahili. Sentensi yake ya mwisho ni hii: “Uamuzi utakaotolewa usipopingwa utahesabika umeridhiwa.” Ina maneno 5 na silabi 27, yaani wastani wa silabi 5.4 kwa neno.

206.835 − (1.015 × 5) − (84.6 × 5.4) = −255.08

Alama hiyo haisemi lolote. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, urejeshi na kauli kwa pamoja. “Utakaotolewa” pekee lina silabi 7, na hakuna mzawa anayelikwepa kwa urefu wake. Kwa sababu hiyo mhariri huiacha hesabu ya silabi na kubaki na urefu wa sentensi. Hapo ndipo anapopotoshwa, kwani sasa sentensi ya maneno 5 inaonekana kuwa nyepesi kupita zote.

Ilinganishwe na sentensi ya kwanza ya tangazo hilohilo: “Mwanakijiji anayetaka kupewa ardhi atajaza fomu, ataipeleka kwa Mtendaji wa Kijiji, atapewa stakabadhi na atasubiri jibu la Halmashauri ya Kijiji.” Maneno ni 20, lakini mtenda ni mmoja na matendo yamepangwa kama yatakavyotokea. Kuikata vipande vinne kutapunguza wastani bila kumsaidia msomaji. (Vifungu vya sheria vinavyotenganishwa kwa nuktamkato huonewa vivyo hivyo: orodha nzima huweza kuhesabiwa kuwa sentensi moja.)

Ile fupi ndiyo yenye hatari. Vitenzi vinne vimefuatana, vitatu katika kauli ya kutendwa, na watenda wote wamefichwa. Nani atatoa uamuzi? Nani anapaswa kupinga? Mwombaji anaweza kupoteza shamba akidhani kwamba kupinga ni kazi ya mtu mwingine. Ikiandikwa “Halmashauri ya Kijiji ikitoa uamuzi, na mwombaji asipoupinga, itahesabika kuwa ameukubali,” inafikia maneno 11. Kipimo kitasema imeharibika.

Hata hivyo muda wa kupinga bado haumo, na mhariri hana mamlaka ya kuubuni. Sharti amrudie mwandishi wa tangazo. Upungufu huo hauonekani katika hesabu yoyote. Huonekana msomaji wa Kenyamonta anapoombwa aeleze, bila kutazama karatasi, ni nani atafanya nini na kabla ya siku gani.