Alumini Kiasi Gani, Zinki Kiasi Gani? Gesi Ina Jibu

Kitasa cha mlango, kigari cha kuchezea na bati jipya la paa vyote huweza kuwa na alumini na zinki, ila si kwa kipimo kimoja. Aloi ya zamak, inayomiminwa kwenye kalibu kutengeneza vitasa na vigari, ina alumini takriban asilimia 4 tu, na karibu yote iliyobaki ni zinki. Utando wa mabati ya aluzinki una alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Ukizitazama, zote ni za kijivu. Lakini mtu mwenye mizani nzuri, asidi na neli ya kupimia gesi anaweza kujua kila metali imo kwa kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni ile ya kuku na mbuzi. Ukiambiwa bandani mna vichwa 30 na miguu 84, huhitaji kuchungulia ili kujua kwamba kuku ni 18 na mbuzi ni 12, kwa kuwa kila mnyama ana kichwa kimoja lakini miguu haiko sawa. Katika aloi, uzito ndio vichwa, na gesi ya haidrojeni inayotoka metali inapoliwa na asidi ndiyo miguu.

Kwamba metali hutofautiana kwa gesi wanayotoa kuliandikwa zamani. Mwaka 1766 Mwingereza Henry Cavendish alieleza jinsi alivyopima “hewa inayowaka” iliyotoka kwenye zinki, chuma na bati jeupe zilipotiwa asidi. Alumini hakuigusa, kwani wakati huo hakuna aliyekuwa ameitenga kutoka kwenye udongo wake.

Alumini ingemshangaza, kwa sababu mbili. Kwanza, atomu yake ni nyepesi: uzani wake ni karibu 27, na wa zinki ni zaidi ya 65. Kwa hiyo gramu moja ya alumini ina atomu nyingi zaidi. Pili, kila atomu ya alumini huipa asidi elektroni tatu, huku ya zinki ikitoa mbili. Matokeo yake ni kwamba gramu 0.100 za alumini tupu hutoa mililita 124.6 za haidrojeni kavu, na uzito huohuo wa zinki hutoa mililita 34.3 tu. Vipimo hivi ni vya nyuzi 0 na mgandamizo wa kilopaskali 101.3, hali ambayo wanakemia wameichagua ili kulinganisha gesi. Kati ya namba hizo mbili pana mililita 90.3, yaani kila asilimia moja ya alumini huongeza takriban mililita 0.9. Nafasi hiyo pana ndiyo inayofanya njia hii ifae.

Tuchukue kipande cha aloi cha gramu 0.100, tukiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Kwanza kinasuguliwa kwa msasa ili kuondoa ganda la oksidi, kwani ganda hilo lina uzito lakini halitoi haidrojeni, tena huichelewesha alumini kuanza kuliwa. Kisha kinatiwa kwenye asidi hidrokloriki iliyozidi mahitaji. Asidi nitriki haifai kabisa: hutoa gesi nyingine, na alumini huiwekea ganda la kujikinga. Gesi hupitishwa kwenye neli yenye vipimo iliyojazwa maji na kufudikizwa ndani ya beseni, nayo huyasukuma maji chini. Moto usiwepo karibu, maana haidrojeni hulipuka.

Mapovu yakishakoma, tunasubiri vyombo vipoe, kwa kuwa mmenyuko huu hutoa joto na gesi ya moto hujitanua. Tunaishusha au kuiinua neli mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Tofauti ya sentimita 10 tu ingeupotosha mgandamizo kwa karibu asilimia moja. Tuseme tumesoma mililita 90.0 kwa nyuzi 25.

Gesi hiyo si haidrojeni peke yake. Imepita kwenye maji, na kwa nyuzi 25 mvuke wa maji huchangia kilopaskali 3.2 za mgandamizo wote. Haidrojeni imebaki na 101.3 kutoa 3.2, yaani 98.1. Tukiirudisha kwenye hali ya kulinganishia, tunazidisha hivi:

90.0 × (98.1 ÷ 101.3) × (273 ÷ 298) = 79.8

Kama aloi yote ingekuwa zinki tungepata 34.3, kwa hiyo mililita 45.5 za ziada zimeletwa na alumini. Gawanya kwa 90.3, utapata 0.504. Aloi hii ni nusu kwa nusu: alumini asilimia 50, zinki asilimia 50. Aliyesahau mvuke angepata asilimia 53.

Sasa kipande cha aloi ileile kipelekwe Nairobi. Mji ule uko juu ya mita 1,600, na mgandamizo wa hewa yake ni karibu kilopaskali 83. Haidrojeni ni ileile, lakini hewa inayoibana ni nyepesi, hivyo kwa nyuzi 25 itajaza takriban mililita 111. Kwanza, neli ya mililita 100 itafurika na gesi itatoroka, kwa hiyo huko ni afadhali kupunguza kipande. Pili, atakayetumia namba 101.3 ya kitabuni atahesabu alumini asilimia 71 badala ya 50. Wala simu haitamwokoa. Taarifa nyingi za hali ya hewa hutoa mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ndiyo maana Nairobi nayo huonyeshwa zaidi ya hektopaskali 1,000. Kinachotakiwa ni barometa iliyopo chumbani, isiyorekebishwa.

Njia hii ina mpaka mmoja ambao uangalifu hauwezi kuuvuka: ina milinganyo miwili, kwa hiyo inajibu kuhusu metali mbili tu. Ikiwa ndani mna shaba, bahati ipo. Shaba hailiwi na asidi hidrokloriki, hubaki chini kama unga, ukaukaushwa, ukapimwa na kuondolewa kwenye uzito. Chuma ni hatari zaidi kwa sababu nacho huliwa. Gramu 0.100 za chuma hutoa mililita 40.1, karibu sawa na zinki, hivyo hujificha ndani ya hesabu bila dalili. Ndiyo maana huwezi kukata kipande cha bati la paa ukakitumbukiza kwenye asidi na kutarajia kuujua utando wake: asidi itaendelea kula chuma cha chini, nayo gesi itahesabiwa kana kwamba ni ya utando.

Kwa hiyo, kabla ya kuipima aloi usiyoijua, jaribu vyombo vyako kwa gramu 0.100 za zinki tupu. Ukimaliza marekebisho yote na kupata karibu mililita 34.3, endelea. Usipopata, tafuta neli inayovuja au mgandamizo uliokosewa kwanza, kwa sababu kila mililita inayopotea itaandikwa kwenye jibu lako kama zinki ambayo haipo.