Ripoti ya Safari Niliyoiandika Mara Mbili

Ripoti ya kwanza niliyoiandika baada ya safari ya Kiambu, Kenya, ilikuwa na kurasa 11. Ilieleza tulivyoondoka Tukuyu alfajiri, tulivyolala Dodoma kisha Arusha, tukavuka mpaka Namanga, tukapokelewa na wenyeji wetu kwa chai na maandazi. Ilikuwa na picha 14. Mwishoni kabisa, chini ya kichwa "Tuliyojifunza", niliandika kwamba usafi wa maziwa ni jambo muhimu, na kwamba umoja wa wafugaji ndiyo nguvu ya ushirika.

Bodi iliisikiliza na kunishukuru. Kisha mzee mmoja, mjumbe wa siku nyingi, akainua mkono. "Katibu, mwanangu, nimekusikia vizuri. Sasa niambie: kesho asubuhi pale kituoni, nani afanye nini ambacho jana hakukifanya?"

Sikuwa na jibu. Tulisafiri watu 5, kwa fedha iliyokatwa kwenye kila lita ya maziwa ya wanachama, na katika kurasa zote zile hapakuwa na jibu la swali lake. Niliomba wiki moja niiandike upya.

Nilianza na tatizo lililotupeleka Kiambu, ambalo katika ripoti ya kwanza sikulitaja hata mara moja. Maziwa ya kituo chetu yalikuwa yakirudishwa na mnunuzi kwa sababu yamechachuka. Halikuwa jambo la kila siku, lakini siku linapotokea hurudi tangi zima, na mama aliyeleta lita 6 safi hupata hasara sawasawa na yule aliyeleta maziwa ya jana jioni. Ripoti ya safari inapaswa kufungua na tatizo kama hilo, kwa sentensi mbili tatu, ili msomaji ajue anatafuta nini katika kurasa zinazofuata.

Kisha nikarudi kwenye daftari langu. Siku ya kwanza tulikaa ukumbini tukaonyeshwa mitambo na mipango ya ushirika wao. Mwenyeji yeyote huonyesha sebule kwanza, na hilo si kosa lake. Lakini siku ya pili niliomba kusimama na mpokeaji maziwa barabarani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na karibu yote yaliyotusaidia baadaye niliyapata kwake. Nilimuuliza maswali ambayo mwenyekiti wake asingeweza kuyajibu: chombo hiki kinavunjika mara ngapi, mfugaji aliyekataliwa anasema nini, jambo gani mlilijaribu mkaliacha.

Nilichokiona ni hiki. Kila mfugaji anapofika, chombo chake kinafunguliwa na kunuswa, maziwa yanapimwa palepale, na yakifaulu ndipo yanamiminwa pamoja na ya wengine. Sisi tulikuwa tunamimina kwanza, tunapima tangi baadaye. Lita 10 mbovu za mtu mmoja zilikuwa zimekwishachanganyika na za wote kabla hatujajua, na tukishajua hatukuweza kusema zilitoka kwa nani.

Katika ripoti ya pili funzo hilo lilichukua aya moja yenye mambo matatu: tulichokiona kwao, tunachokifanya sisi, na tofauti hiyo inatugharimu nini. "Usafi ni muhimu" halina hata moja kati ya hayo, ndiyo maana halikumsaidia mtu.

Baada ya hapo nikaeleza kipimo chenyewe kwa namna ambayo mpokeaji wetu angeweza kukifanya bila mimi kuwapo. Unachukua mililita 2 za maziwa na mililita 2 za spiriti yenye nguvu ya asilimia 70, unatia katika bomba dogo la kioo, unatikisa taratibu. Maziwa mazuri huteleza kwenye kioo yakiwa laini. Yaliyoanza kuchachuka hukatika, ukaona chembe nyeupe zimeng'ang'ania ubavuni mwa bomba. Spiriti tuliyoipata dukani ilikuwa ya asilimia 95, kwa hiyo niliandika na namna ya kuipunguza: mililita 740 za spiriti, kisha maji safi yaliyochemshwa na kupoa mpaka ijae lita 1. Ikiachwa kali zaidi ya hapo, hukata hata maziwa ambayo yangepokelewa.

Niliandika pia mahali kipimo kinapodanganya, kwa sababu mpokeaji wa Kiambu alinionya. Dang'a, yaani maziwa ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, hukatika katika spiriti ingawa hayajachachuka. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele nayo yanaweza kukatika. Yote mawili hayafai kuingia kwenye tangi, lakini mfugaji wake hastahili kuitwa mbele za watu mleta maziwa ya jana. Anapaswa kuulizwa ng'ombe amezaa lini, na kushauriwa amwite mtaalamu wa mifugo akague kiwele.

Kwa wanaotia maji tunatumia laktomita, ambayo katika maziwa halisi husoma kwa kawaida kati ya 26 na 32 yakiwa kwenye joto la nyuzi 20. Maji ya sehemu moja kwa kumi hushusha kipimo kwa alama 3 hivi. Kwa hiyo maziwa ya 31 yakitiwa maji kiasi hicho husoma 28, na yatapita. Hilo niliona lazima liandikwe wazi, mtu asije akadhani laktomita inamnasa kila mdanganyifu.

Sehemu ya hatua ilitosha ukurasa mmoja, nayo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Hatua ya kwanza ilisomeka hivi: kuanzia Jumatatu ya wiki ya pili, mpokeaji atapima chombo cha kila mfugaji kabla ya kumimina, meneja atanunua mabomba 20 ya kioo na lita 5 za spiriti kabla ya Ijumaa, tutajua imefanyika kwa kuona daftari lenye jina, lita, matokeo ya kipimo na sababu ya kukataa. Ya pili ilikuwa kikao cha wafugaji wote kabla ya siku hiyo ya kuanza, ili mtu asikataliwe kwa kanuni ambayo hajaisikia. Ya tatu ilikuwa kuacha madumu ya plastiki, ambayo shingo yake nyembamba haiingizi mkono wa kusugua, na kuhamia kwenye makopo ya alumini yenye mdomo mpana. Hatua ambayo haina jina la mtu, tarehe, fedha na dalili ya kuonekana, niliifuta.

Nikaongeza aya ya tusiyoyachukua. Wenyeji wetu wana matangi makubwa ya kupozea yanayotumia umeme, na wenzangu wawili walirudi wakiyatamani. Umeme wetu hukatika, hatuna jenereta, na tangi lisilopoza ni pipa tu la kuchachusha maziwa mengi kwa pamoja. Bodi ilistahili kuambiwa hivyo na sisi tuliokwenda, kabla mtu hajaanza kutafuta mkopo.

Ripoti ya pili ilikuwa na kurasa 3. Bodi iliipangia siku ya kuirejea, siku 30 baadaye, na mzee yule ndiye aliyeisoma kwa sauti, hatua moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa imefanyika, daftari likiwa mezani. Kikao cha wafugaji kilikuwa kimefanyika. Makopo ya alumini yalikuwa bado: bei yake iliwashinda wanachama wengi, na bodi ikaamua yanunuliwe na ushirika, kila mwanachama akatwe kidogo kidogo kwenye maziwa yake kwa miezi 6.